Ncha ya tatu ya mkanda

Tarehe 13 Agosti 1959, muuzaji wa magari katika mji wa Kristianstad, kusini mwa Uswidi, alipokea Volvo aina ya PV544. Kwa nje gari hilo halikuwa na jipya. Jipya lilikuwa ndani, kwenye viti vya mbele. Utepe wa nyuzi ngumu ulitoka kwenye nguzo ya mlango, ukapita begani na kukatiza kifua hadi kwenye kifungo kilicho chini, kando ya nyonga; kisha ukageuka na kulala juu ya mapaja hadi upande wa pili wa kiti. Lilikuwa gari la kwanza kufikishwa kwa mteja likiwa limefungwa kiwandani mkanda ulioshikwa sehemu tatu.

Leo ni vigumu kuingia kwenye gari dogo lolote na kukosa mkanda wa mpango huohuo. Kwa nje unaonekana kuwa jambo jepesi kabisa: mtu alichukua mkanda wa kiunoni akauongezea wa begani. Ingekuwa hivyo tu, kazi ingemalizika miaka mingi kabla. Mikanda ya kiunoni ilikuwapo, ya begani ilikuwapo, na hata mchanganyiko wa hiyo miwili ulishaandikishwa Marekani. Kilichokosekana ni jibu la swali dogo: mkanda ushikwe wapi?

Ili kuona uzito wa swali hilo, tuchukue gari moja, mwendo mmoja na abiria mmoja. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini, kisha linagonga ukuta. Bonneti linakunjika, na sehemu wanamokaa watu inasonga mbele kiasi cha sentimita 60 kabla ya kusimama kabisa. Yote hayo huchukua chini ya moja ya kumi ya sekunde. Abiria mwenye kilo 70 aliyefungwa vizuri husimama pamoja na gari. Nguvu inayomzuia, kwa wastani, ni kama uzito wa tani moja na kidogo. Ni nyingi, lakini mifupa mikubwa ya mwili inaihimili ikiwa inaibeba kwa muda mfupi hivyo.

Asiyejifunga hana nafasi ya sentimita 60. Gari linaposimama, yeye bado anakwenda kilomita 50 kwa saa, na kinachomsimamisha ni dashibodi, usukani au kioo. Akisimamishwa ndani ya sentimita tano, nguvu ile inapanda hadi kuwa kama uzito wa tani 14. Mwendo huo ni sawa na wa mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita kumi, yaani ghorofa ya tatu. Hapo ndipo unapoonekana upuuzi wa kudhani kwamba mikono miwili iliyoshika dashibodi itasaidia.

Kazi ya mkanda basi ni mbili. Kwanza umfunge mtu na gari mapema ili anufaike na kule kukunjika kwa bonneti. Pili, na hapa ndipo watu walipokwama kwa muda mrefu, uzipeleke zile tani kwenye mifupa inayoweza kuzibeba. Mwilini mifupa hiyo si mingi. Ipo fupanyonga, iliyo imara kuliko yote upande wa mbele wa mwili. Upo pia mtulinga begani, pamoja na mbavu na mfupa wa kifua, vikigawana mzigo. Tumbo halina mfupa wowote kwa mbele. Ini, bandama na utumbo vinalindwa na ngozi na misuli tu.

Mkanda wa mwanzo ulikuwa wa kiunoni. Mara nyingi hutajwa Mmarekani Edward Claghorn wa New York, aliyepewa hataza ya mkanda mwaka 1885, lakini ule ulikuwa mkanda wa kulabu wa kumfunga mtu kwenye kitu kisichotikisika, wala haukubuniwa kwa ajili ya gari. Mkanda ulipata umuhimu wake kwenye ndege, ambako rubani alihitaji kitu cha kumzuia asichomoke kitini hewani. Kwa kazi hiyo ya kumbakiza kitini, mkanda wa kiunoni ulitosha kabisa. Magari yaliurithi hivyo hivyo. Kampuni ya Nash ya Marekani iliutoa kwa wateja wake mwaka 1949, na Ford ikautangaza kwa nguvu katika magari yake ya 1956 kama kifaa cha kuongeza kwa malipo. Wengi hawakuununua, na baadhi ya waliokuta mikanda ndani ya magari yao waliomba itolewe. Wauzaji nao hawakupenda kuzungumzia ajali mbele ya mtu anayetafuta gari.

Sasa mrudishe yule abiria wa kilo 70 kwenye ukuta wetu, akiwa na mkanda wa kiunoni peke yake. Nyonga zinabaki kwenye kiti. Kifua na kichwa haviko chini ya amri ya mtu, kwa hiyo mwili unajikunja katikati kama kisu cha kukunja, na uso unaifuata dashibodi. Wakati huohuo, kama mkanda ulikuwa umelegea au umepanda juu ya fupanyonga, unazama tumboni. Madaktari wa Marekani walianza kuona majeraha ya namna moja kwa watu waliookoka: michubuko ya mstari mmoja tumboni, utumbo uliopasuka, na uti wa mgongo uliovunjika kwa kuvutwa huku na huku. Mwaka 1962 watafiti waliyapa majeraha hayo jina la pamoja, la ugonjwa wa mkanda wa kiti. Isieleweke vibaya: aliyefunga mkanda wa kiunoni alikuwa na nafuu kubwa kuliko asiyefunga chochote, hasa kwa kuwa hakurushwa nje ya gari. Ila bei ya nafuu hiyo aliilipa tumbo.

Mmoja aliyelijua jambo hilo kwa mwili wake ni Hugh DeHaven. Akiwa mwanafunzi wa urubani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege yake iligongana na nyingine na kuanguka. Alipona, lakini viungo vyake vya ndani viliumia vibaya, na mwenyewe aliamini kwamba kilichomuumiza ni bizimu ya mkanda wake. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuuliza kwa nini baadhi ya watu huanguka kutoka juu sana wakapona, na wengine hufa kwa pigo dogo. Yeye na Roger Griswold waliomba hataza ya mkanda wa gari unaoshika kiuno na kifua pamoja, wakaipata mwaka 1955. Wazo lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini kifungo cha mkanda wao kilikaa mbele ya mwili, usawa wa tumbo. Mtu aliyeumizwa na bizimu alishiriki kubuni mkanda wenye bizimu tumboni. Historia ya uhandisi imejaa mambo ya aina hii.

Uswidi walifuata njia nyingine. Shirika la umeme la serikali, Vattenfall, lilikuwa likipoteza wafanyakazi wake kwenye ajali za barabarani, na wahandisi wake Bengt Odelgard na Per-Olof Weman wakaanza kushughulikia mikanda. Huko ulipendwa mkanda wa mshazari: utepe mmoja kutoka begani hadi upande wa pili wa kiuno, bila kipande cha mapajani. Volvo nayo iliutumia mtindo huo. Mkanda wa mshazari uliokoa kichwa na kifua, lakini nyonga ziliachwa huru. Katika kishindo, mwili uliteleza mbele na chini, utepe ukapanda kuelekea shingoni, na kifungo kilichowekwa usawa wa mbavu kikazigandamiza mbavu hizo. Wamarekani walikuwa wameshika nusu ya chini ya mwili, Waswidi nusu ya juu.

Mwaka 1958 mkuu wa Volvo, Gunnar Engellau, ambaye jamaa yake alifariki katika ajali ya gari, alimwajiri Nils Bohlin kuwa mhandisi wa kwanza wa usalama wa kampuni hiyo. Bohlin alizaliwa Härnösand mwaka 1920, na alikuwa ametoka Saab, alikotengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita. Kwa hiyo alizijua nguvu zinazouvunja mwili, na aliijua mikanda bora kuliko yote iliyokuwapo: ile ya marubani, yenye tepe nne zinazokaza mabega yote mawili na kiuno.

Angeweza kuihamishia hiyo kwenye gari, na kwa hesabu za kishindo peke yake angekuwa amefanya vizuri. Alikataa. Miaka baadaye alieleza kwamba rubani hukubali kufungwa chochote mradi apone, lakini mtu wa kawaida ndani ya gari hataki kukaa bila raha hata kwa dakika moja. Mkanda unaohitaji mikono miwili na subira utabaki ukining'inia. Basi akajiwekea sharti la pili ambalo halikuwa la fizikia: ufungwe kwa mkono mmoja, kwa tendo moja.

Jibu lake lilikuwa katika mahali pa kushikia. Sehemu ya juu ya utepe aliiweka nyuma ya bega, kwenye nguzo ya mlango. Sehemu mbili za chini aliziweka pembeni mwa kiti, chini kabisa. Kipande cha kifua na kipande cha mapaja aliviunganisha kwenye kifungo kimoja kilichokaa chini kando ya nyonga, mbali na tumbo. Kwa mbele vipande hivyo viwili vinafanya umbo la herufi V iliyolala, ncha yake ikielekea chini upande wa kifungo. Umbo hilo ndilo lenye siri. Kwa kuwa kipande cha mapaja kinavutwa kwenda chini na nyuma, kinang'ang'ania fupanyonga badala ya kupanda tumboni. Kwa kuwa nyonga hazitelezi, kipande cha kifua nacho hakipandi shingoni. Kila kipande kinakishikilia chenzake mahali pake, na utepe hauhami hata mzigo unapoongezeka.

Ukisogeza kifungo kile hadi katikati ya tumbo, kama walivyofanya Griswold na DeHaven, utapata mkanda wenye tepe zilezile, na sehemu tatu zilezile, wenye tabia nyingine kabisa siku ya ajali. Ndiyo maana si kosa kusema kwamba Bohlin hakubuni mkanda wa ncha tatu, ila alibuni ule unaofanya kazi.

Ombi la hataza alilipeleka Agosti 1958, na Marekani ikampa ya kwake Julai 1962. Kisha Volvo ikafanya jambo ambalo kampuni za magari hazikulizoea: iliiacha hataza hiyo wazi, kila mtengenezaji autumie mpango huo bila kulipa. Unaweza kuuona kuwa ni ukarimu, na ulikuwa ukarimu. Lakini pia kilikuwa kitendo cha kampuni ndogo kutoka nchi ndogo iliyojua kwamba mkanda ukibaki wa Volvo pekee utaonekana kama kituko cha Volvo.

Hata hivyo milango haikufunguka. Wapinzani walidai kwamba mkanda utamnasa mtu ndani ya gari linaloungua au kuzama, hoja ambayo bado inasikika vijiweni. Volvo ikajibu kwa hesabu. Ilikusanya taarifa za ajali zilizohusu magari yake nchini Uswidi kwa kipindi cha mwaka mmoja, zaidi ya 28,000, na mwaka 1967 Bohlin akazipeleka kwenye mkutano wa wataalamu wa ajali nchini Marekani. Miongoni mwa waliofunga mkanda, hakuna aliyekufa katika ajali iliyotokea chini ya mwendo wa karibu kilomita 95 kwa saa. Miongoni mwa wasiofunga, vifo vilianza kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao baiskeli inaufikia.

Marekani ilikuwa tayari inajiandaa kulazimisha mikanda, na kanuni yake ikaanza tarehe 1 Januari 1968: magari mapya yawe na mikanda ya kiunoni kwenye viti vyote, na ya begani kwenye viti vya mbele vya pembeni. Lakini kanuni haikudai kwamba hiyo miwili iwe kitu kimoja. Viwanda vingi vikaweka mkanda wa kiunoni wenye kifungo chake, na mwingine wa begani wenye kifungo chake, uliobanwa darini mwa gari. Watu walifunga wa kiunoni, wengine hawakufunga hata huo, na wa begani ukakaa darini hadi gari likachakaa. Kwenye karatasi gari lilikuwa na ncha zote zinazohitajika. Sharti la Bohlin la mkono mmoja lilikuwa limesahauliwa, na Wamarekani walilirudia tu katika magari ya 1974, mkanda wa kuunganishwa ulipofanywa lazima.

Mwaka huohuo walijaribu ukali mwingine. Magari mapya yaliwekewa mtambo uliozuia injini kuwaka mpaka wa mbele wafunge mikanda. Mtambo haukujua tofauti kati ya mtu na mfuko wa bidhaa za dukani, kwa hiyo watu walijikuta wakifungia mikanda ununuzi wao. Malalamiko yalifika bungeni, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapiga marufuku kulazimisha mtambo huo.

Kilichofanikiwa ni kumlazimisha mtu badala ya gari. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kuagiza watu wafunge mikanda, mwishoni mwa 1970. Uswidi yenyewe ilisubiri hadi 1975, Uingereza hadi 1983, na New York, ya kwanza Marekani, hadi mwisho wa 1984. Mkanda ulikuwa umetimiza robo karne.

Kitu kingine kilichousaidia mkanda ni gurudumu dogo lenye springi lililofichwa ndani ya nguzo ya mlango. Mikanda ya mwanzo ilikuwa na urefu usiobadilika. Kila mtu alipaswa kuukaza kwa mkono, na ukiukaza vizuri hufikii hata redio. Gurudumu hilo linauachia utepe ukiinama taratibu, lakini gari likisimama ghafla au utepe ukivutwa kwa kasi, linajifunga. Baadaye, kuanzia gari kubwa la Mercedes mwaka 1981, kikaongezwa kifaa kinachorudisha utepe nyuma kwa baruti ndogo mara tu kishindo kinapoanza, ili kuondoa ulegevu. Viti vya nyuma vilikuja mwisho kila mahali, na kiti cha katikati nyuma kikawa cha mwisho kabisa. Ndiyo maana katika magari mengi ya zamani yaliyotumika Japani na kuuzwa Dar es Salaam au Mombasa, aliyebanwa katikati nyuma ana mkanda wa kiunoni peke yake, ule wa 1949.

Afrika Mashariki mkanda ulizungumzwa zaidi Februari 2004, pale kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilipoanza kutumika. Kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda, pamoja na vidhibiti mwendo kwenye injini. Kwa muda matatu zilitulia. Lakini abiria wengi walipewa mikanda ya kiunoni, wakaulalamikia uchafu wake, na ukazuka mtindo wa kuivuta mapajani kizuizi cha polisi kinapoonekana mbele. Kwa mantiki ya Bohlin hilo lingetabirika: mkanda mchafu usiofika begani hauvutii, na usiovutia haufungwi.

Anayeendesha au kupanda gari leo ana mambo machache ya kuangalia, na yote yanatokana na ile herufi V. Kipande cha chini kilale kwenye mifupa ya nyonga, kigusane na mapaja. Kikiwa kwenye kitovu kimekosewa. Mjamzito akipitishe chini ya tumbo, kamwe si juu yake. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifua. Anayekipitisha chini ya kwapa kwa sababu kinamkera shingoni amekihamisha kutoka mtulinga hadi mbavu za chini, ambazo huvunjika na kuchoma ini au bandama. Anayelaza kiti ili asinzie safarini amekitenga kifua chake na utepe. Gari likigonga, atateleza chini yake kama abiria wa mkanda wa mshazari. Mtoto mdogo, ambaye fupanyonga yake haijakomaa na bega lake haliufikii utepe, anahitaji kiti chake mwenyewe.

Gurudumu lijaribiwe kwa kuvuta utepe ghafla: likikubali kuachia, limeharibika. Utepe uliochanika ukingoni au uliowahi kuzuia mtu katika ajali kubwa ubadilishwe, kwani nyuzi zake zilishanyooka na hazitanyooka tena kwa namna ileile.

Bohlin alifariki Septemba 2002, akiwa na miaka 82. Wakala wa usalama barabarani wa Marekani unakadiria kwamba mkanda wa ncha tatu hupunguza kwa asilimia 45 uwezekano wa kufa kwa aliyekaa mbele katika gari dogo. Hesabu hiyo ni ya mkanda uliofungwa, na ukiwa nyuma ya gari usikubali kuambiwa kwamba wewe haikuhusu.